Hisa ilipanda, fedha zikapungua: ukaguzi wa kabla ya kununua opsheni

*Shikamoo mwalimu. Niko Wete, nina miezi mitatu katika biashara hii. Wiki iliyopita nilinunua opsheni moja ya kununua (Call) ya kampuni ya Marekani, siku moja kabla haijatangaza hesabu zake za robo mwaka. Hisa ilikuwa dola 100, bei ya mkataba 105, zimebaki siku 9, nikalipa dola 380. Kesho yake hisa ikafunguka 104, lakini niliweza kuuza kwa dola 185 tu. Akaunti yangu ilikuwa na dola 900. Nilibashiri sawasawa, basi kwa nini nimepoteza? Na nikague nini kabla sijanunua nyingine?*

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kwamba umeniandikia tarakimu zote, kwani bila tarakimu ningekupa nasaha za jumla ambazo zisingekufaa kitu. Nitakwenda nazo hatua kwa hatua, na kila mahali ambapo biashara yako ingeweza kuzuiwa au kurekebishwa nitakuonyesha swali ambalo ulipaswa kulijibu kwa kalamu kabla ya kutuma oda.

Kwanza tukubaliane umenunua nini. Chukua mtu anayetaka kiwanja cha Fuoni. Anamlipa mwenye kiwanja arbuni ili bei isibadilike na kiwanja kisiuzwe kwa mwingine mpaka mwisho wa mwezi. Akirudi kwa wakati ananunua kwa bei waliyopatana, na asiporudi arbuni inabaki kwa mwenye kiwanja. Opsheni ya kununua inafanana na arbuni hiyo, na ile bei waliyopatana ndiyo inayoitwa bei ya mkataba, isipokuwa kwa mambo mawili: fedha uliyolipa haihesabiwi kuwa sehemu ya bei ya hisa, na hati yenyewe inauzwa na kununuliwa sokoni kila siku kwa bei yake yenyewe. Jambo hili la pili ndilo lililokuumiza. Wewe ulikuwa ukiitazama bei ya hisa, hali ulichokuwa nacho mkononi ni hati, na hati ina bei yake.

Kwa kuwa nimetaja arbuni, kuna swali linalotangulia ukaguzi wote kwa Muislamu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, yenye makao yake Jeddah, iliamua mwaka 1992 kwamba mikataba ya opsheni kama inavyofanywa katika masoko ya dunia haijuzu, na mwaka uliofuata ikaipitisha arbuni kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwe na mpaka. Mimi si mwanachuoni wa fiqhi na sitajifanya kuwa mmoja wao. Ninachokuomba ni kwamba umwendee mwanachuoni unayemwamini na umsomee mkataba kama ulivyo, kabla hujaweka fedha nyingine, kwa sababu swali hili likiulizwa baada ya hasara huwa halijibiwi kwa moyo mtulivu.

Sasa tuifungue hasara yako. Kila mkataba mmoja wa opsheni za hisa za Marekani ni wa hisa 100, kwa hiyo dola 380 ulizolipa maana yake bei ilikuwa 3.80 kwa hisa. Ukitumia kikokotoo cha kawaida cha bei za opsheni, hati ya hisa ya dola 100, bei ya mkataba 105, siku 9, inafika 3.60 iwapo mtikisiko unaotarajiwa, ule unaoandikwa IV kwenye skrini, ni asilimia 90. Bila shaka ulikuwa karibu na hapo, kwani ndivyo inavyokuwa kwa hisa nyingi zenye vishindo jioni ya kuamkia matangazo. Asubuhi yake hisa ilikuwa 104, zimebaki siku 8, na IV imeanguka hadi kiasi cha asilimia 40. Kikokotoo kile kile sasa kinatoa 2.00.

Fanya hesabu ya kati uone mwizi ni nani. Lau IV ingebaki asilimia 90 na hisa ikafika 104, hati yako ingekuwa na thamani ya 5.05 hivi, hata baada ya kutoa siku moja iliyopita. Kwa hiyo kupanda kwa hisa kulikuletea takriban dola 145. Kuanguka kwa IV kukakuondolea takriban dola 305. Baki ni hasara ya dola 160, na dola 35 zilizosalia nitazieleza baadaye kwa sababu zina mwizi mwingine.

IV ni nini hata iwe na nguvu hiyo? Ni kipimo cha mwendo ambao wauzaji na wanunuzi wanautarajia, kilichosomwa kutoka katika bei za opsheni zenyewe. Kabla ya matangazo hakuna anayejua habari itakuwa nzuri au mbaya, lakini kila mtu anajua kwamba habari inakuja na siku yake, hivyo muuzaji wa opsheni anadai malipo makubwa. Habari ikishatoka, lile lililokuwa likiogopwa limekwisha, na malipo yale yanaondoka kwa mara moja. Anayenunua nguo ya mtoto pale Darajani usiku wa kuamkia Idd analipa bei ya usiku ule, na akitaka kuiuza siku ya Idd pili hakuna atakayemrudishia bei hiyo, ingawa nguo haijavaliwa wala haijachanika.

Swali la kwanza la ukaguzi, basi, ni hili: kati ya leo na tarehe ya kuisha kwa mkataba, kuna tukio gani lenye siku yake? Tafuta tarehe ya kutangaza hesabu kwenye ukurasa wa wawekezaji wa kampuni yenyewe, kwa sababu kalenda za programu nyingine huandika tarehe ya makisio. Angalia pia kama itatangaza kabla ya soko kufunguliwa au baada ya kufungwa. Opsheni nyingi za hisa huuzwa katika saa za kawaida za soko tu, na matangazo hayo kwa kawaida hutoka nje ya saa hizo, kwa hiyo hutakuwa na nafasi ya kutoka katikati. Hata oda ya kuzuia hasara uliyoiweka haitakuokoa, maana soko litafunguka bei ikiwa tayari imeruka.

Kuna njia ya kuliona tukio hata kama hujui tarehe yake. Fungua jedwali la opsheni, ulinganishe IV ya wiki hii, ya wiki ijayo na ya miezi miwili mbele. Kwa kawaida tofauti huwa ndogo. Ukikuta tarehe moja ina asilimia 90, ya miezi miwili ina 55, na ile inayoisha kabla ya tangazo ina 40, basi jedwali limekuambia mahali jiwe lilipo chini ya maji, na limekuambia pia IV itarudi wapi baada ya tukio: karibu na ile 40.

Swali la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo ambalo wageni wengi hawalijui: soko limekwisha kulipia mwendo wa kiasi gani? Chukua bei ya mkataba iliyo sawa na bei ya hisa ya sasa, yaani 100, katika tarehe ile ile unayotaka kununua. Soma bei ya opsheni ya kununua na bei ya opsheni ya kuuza (Put), uzijumlishe. Kwa IV ya asilimia 90 na siku 9, kila moja ingekuwa 5.65 hivi, jumla takriban 11.30. Hiyo ndiyo tafsiri ya soko: hisa hii inatarajiwa kutembea dola 11 hivi, juu au chini, mpaka siku ya kuisha, na sehemu kubwa ya mwendo huo ni wa asubuhi moja ya matangazo.

Ukishaijua 11 hiyo, dola 4 ulizozifurahia zinaonekana kwa sura nyingine. Ulilipia dhoruba, ukapata upepo wa kawaida wa kusi. Kubashiri kwamba hisa itapanda hakutoshi katika opsheni. Unabashiri kwamba itapanda kupita kiasi kilichokwisha kulipiwa. Kwa hiyo andika daftarini: soko linasema 11, mimi nasema ngapi, na kwa ushahidi gani? Tazama hisa hiyo ilitembea kiasi gani asubuhi za matangazo manane yaliyopita, yaani miaka miwili. Ikiwa mara sita kati ya nane ilitembea chini ya asilimia 7, huna sababu ya kulipia 11. Onyo moja: mara nane ni chache, na hisa iliyotulia miaka miwili inaweza kuruka asilimia 20 robo ya tisa. Historia inakusaidia kukataa bei ghali, haikuhakikishii chochote.

Swali la tatu: hisa lazima ifike wapi, na lini, ili nirudishe fedha yangu? Wageni hufundishwa kujumlisha bei ya mkataba na bei waliyolipa, na kwako hiyo ni 105 na 3.80, yaani 108.80. Hesabu hiyo ni sahihi kwa siku ya kuisha peke yake. Wewe hukukusudia kungoja siku ya kuisha, ulikusudia kuuza asubuhi. Basi ilikubidi urudi kwenye kikokotoo, uweke siku 8 na IV ya 40, kisha upandishe bei ya hisa kidogo kidogo mpaka hati ifike 3.60. Jibu ni hisa ya dola 107. Yaani kampuni ingepaswa kupanda asilimia 7 usiku mmoja ili wewe usipate wala usipoteze, tukiacha gharama. Lau ungeiona 107 hiyo imeandikwa kwa mkono wako kabla ya kununua, nadhani usingetuma oda ile.

Madalali wengi wana kikokotoo hicho ndani ya programu zao. Wageni hubadilisha bei ya hisa peke yake wakaiacha IV kama ilivyo, na hapo ndipo kikokotoo kinapowadanganya. Ibadilishe IV kwanza.

Ukiwa umejibu matatu haya na bado unaamini hisa itapanda kiasi, kuna umbo jingine la biashara hiyo hiyo ambalo lingekufaa zaidi. Unanunua ile ya 105 kwa 3.60, na papo hapo, katika oda moja, unauza ya 110 ya tarehe ile ile, ambayo kwa IV ya 90 ina bei ya 2.20 hivi. Gharama yako inashuka hadi 1.40, yaani dola 140, na faida haiwezi kuzidi dola 360. Asubuhi, hisa ikiwa 104, ya 105 ina thamani ya 2.00 na ya 110 ina kiasi cha 0.57, tofauti 1.43. Ungetoka mikono mitupu lakini mzima, kwa sababu IV iliyoanguka iliipunguza hati uliyonunua na ile uliyouza kwa pamoja. Umbo hili nalo lina hatari yake siku ya kuisha, nitaifikia.

Sasa zile dola 35. Tazama pengo kati ya Bid, yaani bei ambayo wanunuzi wako tayari kulipa, na Ask, yaani bei ambayo wauzaji wanataka; bei ya kati ni ile iliyo katikati ya hizo mbili. Thamani ya kati ilikuwa 3.60, wewe ukalipa 3.80, bila shaka kwa oda ya bei ya soko, na ukauza kwa 1.85 wakati kati ni 2.00. Dola 20 ziliondoka kuingia, dola 15 kutoka. Kwa kila opsheni gawanya pengo kwa bei ya kati. Pengo la 3.40 kwa 3.80 ni senti 40 katika 3.60, asilimia 11. Mimi sipiti asilimia 5, na zaidi ya 10 naiacha hata kama naipenda. Safu ya Open Interest nayo inakuambia mikataba mingapi iko hai. Ikiwa ni makumi tu, siku ya kutoka hutapata mnunuzi wa bei ya haki. Oda iwe ya kikomo daima, yaani yenye bei usiyokubali kuivuka, uanze bei ya kati, usogee senti 5 kwa wakati ukingoja. Usinunue nusu saa ya kwanza baada ya soko kufunguliwa, maana mapengo huwa mapana mno wakati huo.

Kiasi. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, na unisamehe. Uliweka dola 380 kati ya 900, asilimia 42 ya akaunti, katika kitu ambacho kinaweza kuwa sifuri kwa usiku mmoja. Ukinunua opsheni, hesabu kwamba bei yote uliyolipa imeshapotea, halafu uulize kama akaunti inaweza kustahimili kupotea huko mara kumi mfululizo. Mimi naweka mpaka wa asilimia 2, na kwa akaunti changa nakubali 5. Sasa una dola 705, na asilimia 5 yake ni dola 35. Hata lile umbo la dola 140 halikufai bado. Maana yake ni kwamba biashara nyingi utakazoziona hutaweza kuzifanya kwa akaunti hiyo, na hilo ni jibu halali la ukaguzi. Usiongeze fedha ya karo wala ya biashara ya dukani ili ulazimishe jibu jingine.

La mwisho katika ukaguzi ni namna ya kutoka, na saa. Andika kabla ya kuingia: nitauza kwa faida ya kiasi gani, nitauza kwa hasara ya kiasi gani, na nitauza siku gani hata kama hakuna lililotokea. Kisha weka oda ya kikomo ya kuuza kwa faida mara tu unapomaliza kununua, ibaki kwa dalali, kwani umeme ukikatika Wete au mtandao ukilala, oda iliyoko kwa dalali haijali.

Kuhusu saa nitakuhadithia lililonikuta, nami nalikumbuka kila mwezi wa Novemba. Soko la New York hufunguliwa saa 10 na nusu jioni kwa saa zetu na kufungwa saa 5 usiku, tangu Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Baada ya hapo Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, nasi hatugusi zetu, kwa hiyo kwetu linafunguliwa saa 11 na nusu na kufungwa saa 6 usiku. Ijumaa moja, wiki ya kwanza ya mabadiliko hayo, nilikuwa na opsheni ya kununua yenye bei ya mkataba ya 50, inaisha usiku ule. Saa 5 nikatazama, hisa 49.80. Nikasema imekufa, soko limefungwa, nikazima kompyuta nikalala. Soko lilikuwa na saa nzima mbele. Hisa ikafunga 50.20.

Kule Marekani opsheni yoyote ya kununua ambayo hisa yake imefunga hata senti moja juu ya bei ya mkataba siku ya kuisha hutekelezwa yenyewe na shirika la malipo ya opsheni, OCC, isipokuwa mwenyewe ametoa agizo kinyume. Mimi sikutoa agizo. Nikaamka nimenunua hisa 100 kwa 50, dola 5,000 zimeondoka katika akaunti yenye dola 5,300. Jumatatu hisa ikafunguka 47, nikauza kwa hasara ya dola 300, juu ya bei ya opsheni niliyokwisha kuihesabu kuwa imepotea. Nilidhani hasara ya mnunuzi ina mpaka wa alicholipa. Ina mpaka huo endapo hataruhusu opsheni igeuke hisa.

Ndiyo maana hatari ya lile umbo la 105 na 110 iko siku ya kuisha. Hisa ikifunga kati ya bei hizo mbili, tuseme 107, uliyonunua itatekelezwa na uliyouza itakufa. Utatakiwa dola 10,500 za kupokea hisa. Kwa akaunti yako dalali ataifunga biashara mwenyewe mapema, kwa bei atakayoipata yeye, saa ambayo huenda umeshalala. Kwa hiyo kanuni ninayokuwekea ni kufunga kila kitu siku moja kabla ya kuisha, saa 3 usiku, pengo lingali jembamba, na uandike kwenye daftari tarehe za mabadiliko ya saa za Marekani kwa mwaka mzima.

Kwa mwezi ujao usinunue. Chukua matangazo kumi ya hesabu, na kwa kila moja jaza ukurasa mmoja: tukio na tarehe yake, IV ya wiki ile na ya miezi miwili, mwendo uliolipiwa, bei ambayo hisa lazima ifike asubuhi yake kwa IV iliyoanguka, asilimia ya pengo, kiasi, na saa ya kutoka. Asubuhi yake andika chini yake hisa ilifika wapi na opsheni iliuzwa kwa ngapi. Kisha nitumie picha za kurasa hizo, zikiwemo zile ambazo ukaguzi ulikataa na wewe bado ulitamani kununua. Hizo ndizo nitakazozisoma kwanza.